Busta na antena ya nje: nyumba ya bondeni inapokosa mtandao

Bonde la Subukia, kaskazini mwa mji wa Nakuru, ni mfano mzuri wa mahali ambapo mnara unaweza kuwa kilomita nne au tano tu kutoka kwako na bado simu ikashindwa kufungua picha moja ya WhatsApp. Mawimbi ya simu husafiri karibu kama mwanga. Ukingo wa bonde ukisimama kati ya nyumba na mnara, kinachofika nyumbani ni masalio yaliyopinda juu ya ukingo. Halafu masalio hayo yanakutana na paa la mabati, na mabati huyarudisha yalikotoka. Hali ni hiyo hiyo nyuma ya miamba ya Maragoli kule Vihiga, au chini ya kuta za milima ya Nandi ukitazama Kano.

Watu wengi wakifikia hapo huulizia busta dukani. Tukisema busta hapa tunamaanisha kile kisanduku cha kukuza mawimbi ndani ya nyumba, si mnara wa kampuni ambao mitaani pia huitwa hivyo. Kuna wauzaji watakaokuuzia bila kukuuliza swali hata moja kuhusu nyumba yako. Swali la kwanza lingekuwa hili: tatizo lako liko nje ya nyumba au ndani? Vifaa viwili vinavyouzwa kwa jina moja la "kuongeza netiwaki" hufanya kazi tofauti kabisa. Kimoja, yaani antena ya nje iliyochomekwa kwenye ruta, hakina madhara yoyote kwa majirani. Kingine kinaweza kuwakatia simu kijiji kizima bila mwenyewe kujua.

Pima kwanza, na usiamini vijiti

Vile vijiti vya mtandao juu ya kioo cha simu havina kipimo kimoja. Kila mtengenezaji huvipanga apendavyo, kwa hiyo vijiti vitatu kwenye simu yako vinaweza kuwa kimoja kwenye simu ya jirani. Kipimo cha kweli huandikwa kwa dBm, na huwa ni namba hasi. Kwenye simu nyingi za Android utakipata ndani ya Settings, kisha About phone, kisha SIM status. Kwenye iPhone, piga *3001#12345#* na ukurasa wa vipimo utafunguka. Programu kama Network Cell Info Lite huonyesha namba hizo zikibadilika papo hapo. Kama una ruta, fungua ukurasa wake kwenye kivinjari, mara nyingi 192.168.8.1 au 192.168.0.1, utafute maneno RSRP na SINR.

RSRP ni nguvu ya mawimbi ya 4G. Kwenye -85 uko vizuri. Kwenye -100 mtandao unafanya kazi lakini hauna akiba. Kwenye -110 utaanza kuona video zikikwama, na ukifika -120 simu inakaribia kuachilia 4G kabisa. Kumbuka kwamba hii si hesabu ya kawaida ya kujumlisha: kila hatua ya desibeli 3 ni kama kuongeza nguvu maradufu, na kila hatua ya 10 ni mara kumi. Kutoka -110 hadi -100 si nafuu ndogo.

SINR hupuuzwa na wengi, ilhali ndiyo inayoamua kasi. Inapima mawimbi unayoyataka yamezidi kelele kwa kiasi gani, yaani mawimbi ya minara mingine pamoja na uchafu wote wa hewani. Ikiwa 20 au zaidi, furahia. Ikiwa kati ya 0 na 5, data itatambaa. Ikiwa chini ya 0, hata RSRP ya -90 haitakusaidia. Shika namba hizi mbili, kwa sababu tofauti kati ya antena na busta imejificha humo.

Sasa tuchukue nyumba moja ya mfano kule bondeni: kuta za matofali, paa la mabati, vyumba vinne. Ndani, kwenye kiti cha sebuleni, simu inasoma RSRP ya -121. Uani, mita kumi kutoka ukutani, inasoma -112. Halafu simu inafungwa kwa mpira kwenye fito refu, programu ikiachwa inarekodi, na fito linainuliwa hadi mita tano. Linaposhushwa baada ya dakika mbili, rekodi inaonyesha -103. Fito hilo limetoa jibu ambalo hakuna muuzaji angeweza kulitoa: kuta na mabati vinakula desibeli 9, na kimo kinaongeza 9 nyingine. Kama uani ungesoma -85 na ndani -110, tatizo lingekuwa nyumba tu. Kama hata juu ya fito ungesoma -125, pasingekuwa na cha kukuza, na pesa ya busta ingebaki mfukoni.

Rudia kipimo hicho ukitumia laini za kampuni nyingine kabla ya kununua chochote. Safaricom, Airtel na Telkom hawako kwenye minara ile ile kila mahali, na ukingo unaokuziba mnara wa mmoja huenda ndio uliobeba mnara wa mwingine. Hakuna suluhisho la bei nafuu kuliko laini mpya.

Tena, usiishie kwenye kimo. Nyumba iliyobanana na mguu wa mlima huweza kupata mawimbi zaidi upande wa mbali wa shamba kuliko juu ya paa, kwa sababu ukisogea mbali na mlima mawimbi hayahitaji kupinda sana ili yakufikie. Tembea na fito lako hadi mpakani. Mita thelathini kando zinaweza kushinda mita tatu za mlingoti.

Antena inachofanya, na waya unavyoila

Antena ya nje haina umeme na haizalishi nguvu yoyote. Inachofanya ni kuchagua upande. Ile yenye vijiti vilivyopangwa kwenye mhimili mmoja, Yagi au dada yake ya masafa mapana, husikiliza kwa makini upande mmoja na kuziba sikio pande nyingine. Antena ya aina hiyo yenye ukuzaji wa desibeli 9 huokota mawimbi ya mnara ulioulenga karibu mara nane zaidi, na wakati huo huo hupunguza mawimbi ya minara ya nyuma na ya kando. Kwa hiyo RSRP inapanda na SINR inapanda pia. Busta haiwezi kufanya hilo la pili: kikuzaji chake hukuza mawimbi na kelele kwa pamoja, kisha huongeza kelele yake kidogo juu yake.

Faida hiyo huliwa na waya kati ya antena na ruta, na hapa ndipo kazi nyingi za mafundi huharibika. Mawimbi ya simu yakipita kwenye waya hupungua kwa kila mita, na hupungua zaidi kadiri masafa yanavyokuwa juu. Waya mwembamba wa RG58, unaopatikana kila duka la vifaa vya redio, hupoteza takriban desibeli 0.75 kwa kila mita kwenye masafa ya megahezi 1800. LMR-200 hupoteza karibu 0.47. LMR-400, mnene kama kidole na mgumu kukunja, hupoteza chini ya 0.2.

Rudi kwenye nyumba yetu. Juu ya mlingoti kuna -103. Antena inaongeza 9. Fundi akishusha mita 15 za RG58 hadi sebuleni, waya utakula desibeli 11, na ruta itapata -105. Antena imelipwa, mlingoti umesimamishwa, na waya umemeza faida yote ya antena na kuidai zaidi. Akitumia mita 5 za LMR-200, waya na viungio vyake vitakula karibu 3, na ruta itapata -97. Ukilinganisha na ile -121 ya sebuleni, hiyo ni tofauti ya desibeli 24, zaidi ya mara mia mbili.

Mita 5 zitafikaje sebuleni? Hazifiki. Ruta ndiyo inayopelekwa kwenye antena. Iweke juu ya dari karibu na mlingoti, au chini ya upenu ndani ya kisanduku kisichopitisha maji, kisha ushushe waya wa intaneti wa Cat5e hadi ndani. Waya huo hubeba data, si mawimbi ya redio, na unaweza kwenda hadi mita 100 bila hasara. Kama waifai ya ruta inazibwa na mabati ya dari, kifaa kidogo cha waifai sebuleni mwisho wa waya huo kitamaliza kazi. Zipo pia ruta za nje zilizotengenezwa pamoja na antena zake, zinazofungwa mlingotini na kupata umeme kupitia waya ule ule wa intaneti. Kwa nyumba ya bondeni, hizo ndizo tungezipendekeza kabla ya kitu kingine chochote, kwa sababu waya wa kula mawimbi haupo kabisa.

Kabla ya kununua antena, angalia ruta yako inatumia masafa gani. Ukurasa wake utaandika B3, B20 au namba nyingine: B3 ni 1800, B20 ni 800, B8 ni 900 na B1 ni 2100. Antena iliyokatwa kwa ajili ya 1800 peke yake haitakufaa kitu kama mnara wako unatumia 800. Nunua ya masafa mapana, kuanzia karibu 700 hadi 2700, hata kama ukuzaji wake umepungua kidogo.

Ruta za 4G zenye milango ya antena mara nyingi huwa na miwili, na mlango wa pili si wa akiba. Mnara hutuma mawimbi mawili kwa wakati mmoja, moja limeinama nyuzi 45 kulia na lingine 45 kushoto, na ruta huyasoma yote mawili ili kupata kasi zaidi. Kwa hiyo antena ni mbili: zote zinatazama mnara mmoja, lakini vijiti vya moja vimeinama hivi / na vya nyingine hivi \. Ukizifunga zote wima, unapoteza sehemu ya kasi uliyoilipia. Ukifunga moja tu, mtandao utafanya kazi, ila usishangae ukikuta kasi ni ndogo kuliko ilivyotarajiwa.

Kuna na mtego mdogo wa viungio. Mlango wa antena ya 4G mara nyingi huwa SMA, na kiungio cha waya wake kina sindano katikati. Waya za antena za waifai hutumia RP-SMA, chenye nyuzi zile zile za kukaza lakini tundu pahali pa sindano. Ukikikaza kwenye mlango wa 4G kitaingia vizuri kabisa, kitabana, na ndani hakuna kinachogusana. Dalili yake ni hii: ukichomoa antena, RSRP haibadiliki hata kidogo. Angalia pia kwenye ukurasa wa ruta kama kuna chaguo la antena ya ndani au ya nje. Ruta nyingine hubaki zikitumia ya ndani hadi uziambie.

Kulenga ni kazi ya watu wawili, mmoja mlingotini na mmoja kwenye ukurasa wa ruta. Geuza antena nyuzi kama 15, ngoja karibu dakika moja, soma, andika kwenye karatasi. Usikimbilie, kwa maana ruta huchelewa kuhama mnara na huonyesha wastani wa nyuma. Zunguka duara zima kabla ya kuamua, hata kama mnara unauona kwa macho, kwa sababu mnara unaouona huenda ni wa kampuni nyingine, na mawimbi bora huenda yanagonga mlima wa upande wa pili na kurudi. Baina ya -97 yenye SINR ya 3 na -100 yenye SINR ya 11, chukua ya pili.

Busta inapohitajika kweli

Ruta na antena vina upungufu mmoja. Vinatoa intaneti tu. Simu ya kawaida, SMS, na *334# ya M-Pesa hupitia laini iliyo ndani ya simu, na simu nyingi za leo hazina mlango wa kuchomeka antena. Duka la wakala wa M-Pesa lililo chini ya mlima, au zahanati inayopigiwa simu usiku, haliwezi kutegemea waifai peke yake. Hiyo ndiyo sababu halali ya kufikiria busta.

Busta ina sehemu tatu: antena ya nje inayotazama mnara, kikuzaji chenyewe, na antena ya ndani inayogawa mawimbi vyumbani. Kikuzaji hufanya kazi pande zote mbili. Huchukua mawimbi ya mnara na kuyakuza kuelekea ndani, na huchukua sauti ya simu yako na kuikuza kuelekea mnarani. Ndiyo maana kisheria si sawa na antena. Hiki ni kifaa cha kurusha mawimbi, tena kwenye masafa ambayo kampuni ya simu imepewa leseni ya kuyatumia. Nchini Kenya vifaa vya mawasiliano vinatakiwa kuidhinishwa na Mamlaka ya Mawasiliano, na busta inahitaji pia ridhaa ya kampuni ambayo masafa yake unayakuza. Busta isiyo na jina, inayokuza masafa yote ya kampuni zote kwa mpigo, haiwezi kuwa na ridhaa hiyo.

Nguvu yake tuipime. Mawimbi ya 900, ambayo hupinda juu ya mlima vizuri kuliko 1800, yanasoma -95 juu ya mlingoti wetu. Antena inaongeza 9, waya unakula 3, yanaingia kwenye busta yakiwa -89. Busta yenye ukuzaji wa desibeli 65 inayatoa yakiwa -24, na baada ya waya mfupi na antena ya ndani tunabaki na karibu -22. Mita tano mbele, hewa tu imekula 46, simu inasoma -68. Nyuma ya ukuta mmoja wa matofali inaweza kuwa -76, na mita kumi mbele nyuma ya kuta mbili karibu -90. Hiyo ni sebule na vyumba viwili. Anayeahidi ekari nzima kwa busta moja anauza ndoto.

Inapoanza kulia

Kila mtu aliyewahi kukaa kanisani anajua kinachotokea maikrofoni ikisogezwa mbele ya spika: sauti ya spika inarudi kwenye maikrofoni, inakuzwa, inarudi tena, na mlio unapasua masikio. Busta hufanya vivyo hivyo. Antena ya ndani ikisikika na antena ya nje, mawimbi yanazunguka na kukuzwa kila mara, hadi kikuzaji kinamwaga nguvu yake yote kuelekea mnarani bila kubeba neno lolote. Tofauti ni kwamba wewe husikii chochote.

Kinga yake ni utengano kati ya antena mbili, na unahesabika. Kanuni inayotumika ni kwamba utengano uzidi ukuzaji wa busta kwa desibeli 15. Busta yetu ni ya 65, basi tunahitaji 80. Antena ziko mita 8 mbali, na hewa kwenye masafa ya 900 inatupa karibu 50. Mgongo wa antena ya nje ndio unaotazama nyumba, na husikia kidogo, tuhesabu 6. Antena ya ndani imetazamishwa upande wa pili, 5. Paa la mabati, ambalo mwanzoni lilikuwa adui, sasa ni rafiki na linatupa 15. Jumla 76. Tumepungukiwa na 4. Dawa ni kuinua mlingoti na kusogeza antena ya ndani mbali zaidi, au kupunguza ukuzaji wa busta hadi 60 kwenye kitufe chake. Tungepunguza. Desibeli 5 pungufu ndani ya nyumba haziui mtu.

Lakini hesabu hiyo inadhani mabati yamefunika. Kama antena ya ndani imefungwa karibu na dirisha, au upenu uko wazi kama nyumba nyingi zilivyo, ile 15 inaweza kushuka hadi 5. Jumla ni 66, desibeli moja tu juu ya ukuzaji wote. Busta hiyo italia. Pengine si leo. Itasubiri mtu afungue dirisha, au upepo uzungushe antena.

Madhara yake mnarani ni makubwa kuliko udogo wa kisanduku unavyoonyesha. Busta inayolia kwa nguvu ya milliwati 100 tu, ikipitia antena inayolenga mnara kilomita tano, inaweza kufika kwa karibu -90 hata baada ya kupoteza nguvu nyingi mlimani. Mnara hujitahidi kusikia simu za pembezoni zinazofika na -110 au chini yake. Kelele yako ni kali mara mia kuliko sauti ya yule mama aliye ng'ambo ya mto anayejaribu kupiga simu. Simu yake inaonyesha vijiti, kwa sababu anausikia mnara, ila mnara haumsikii. Atalaumu kampuni. Na simu zote za eneo hilo zitaanza kupandisha nguvu ili zisikike, betri zikiisha mapema.

Kwako wewe mwenyewe dalili ni hizi. Vijiti vimejaa, lakini simu ikipigwa inakatika sekunde chache baadaye au haiunganishi kabisa. Taa ya busta inageuka nyekundu, au inawaka na kuzima. Namba za dBm zinaruka huku na huko bila mtu kusogea. Jaribio la uhakika ni kuizima dakika tano na kupiga simu ukiwa uani. Kama uani kumekuwa bora kuliko ilipokuwa imewaka, hiyo busta isiwashwe tena hadi utengano urekebishwe. Busta nzuri hujigundua inalia na kujizima au kujipunguza yenyewe. Zile za bei ya chini huendelea kulia mpaka mafundi wa kampuni wafike na antena ya kutafutia, wakizungusha nyumba kwa nyumba.

Tahadhari moja zaidi ndani ya nyumba: usilaze simu chini ya antena ya ndani. Simu iliyo nusu mita tu kutoka hapo huingiza nguvu nyingi mno kwenye kikuzaji, na wengine wote ndani ya nyumba hukatika. Acha mita mbili.

Radi na maji

Eneo la Ziwa Viktoria ni kati ya sehemu za dunia zenye ngurumo nyingi, na wakazi wa Kakamega na Kisii hawahitaji kuelezwa. Mlingoti wa chuma juu ya paa, wenye waya unaoingia moja kwa moja hadi mezani kwako, lazima upewe njia nyingine ya kwenda ardhini. Fungia mlingoti waya wa shaba wa milimita za mraba 16, ushuke wima bila kona kali hadi kwenye fimbo ya ardhi iliyozama kwenye udongo wenye unyevu, na fimbo hiyo iunganishwe na ya umeme wa nyumba. Ardhi mbili zisizounganishwa ni hatari, kwa sababu radi ikipiga karibu, tofauti ya volti kati yake hupitia ndani ya ruta yako. Waya wa antena unapoingia nyumbani uwekewe kinga ya radi yenye kidonge cha gesi, nayo ifungwe ardhini. Kinga hizi zote hupunguza madhara ya radi ya jirani. Iliyopiga mlingoti wenyewe itapita nazo, kwa hiyo chomoa waya na umeme mawingu yanapoanza kujikusanya, si radi ikishaanza. Na mlingoti usimame mbali na nyaya za Kenya Power kwa umbali unaozidi urefu wake, ili ukianguka usizifikie.

Maji huua polepole. Kiungio kilichofungwa kwa tepu ya umeme pekee huvuta maji wakati wa mvua za masika, na waya hubadilika kuwa mfereji. Funga kwanza kwa tepu ya raba inayojishika yenyewe, ukiivuta ikazane, kuanzia chini kwenda juu ili mapindo yafuatane kama vigae, kisha tepu ya umeme juu yake izuie jua. Kabla waya haujaingia ukutani, uache ulegee chini kidogo ya tundu ili matone yadondokee nje. Ukiona RSRP iliyokuwa -97 mwezi wa Januari inasoma -104 mwezi wa Mei na haipandi hata jua likiwaka, fungua viungio kabla ya kugusa antena. Shaba iliyogeuka kijani ndani ya kiungio inatosha kueleza yote.

Kama vipimo vyote vimeonyesha kwamba hata juu ya fito hakuna kitu, wapigie kampuni huduma kwa wateja na uwape kitu wanachoweza kukifanyia kazi: mahali ulipo kwa namba za GPS, RSRP na SINR uani na juu ya fito, na ile Cell ID, yaani namba ya utambulisho ya mnara unaokuhudumia, inayoonekana kwenye programu. Uliza pia kama wana busta yao wenyewe ya kufunga kwenye biashara au zahanati, kwa sababu hiyo huja na ridhaa na fundi anayeiwekea ukuzaji unaolingana na mnara. Malalamiko ya "mtandao ni mbaya huku kwetu" husomwa na mtu wa huduma kwa wateja na kuishia hapo. Yenye Cell ID na -118 yanaweza kufika kwa injinia.